Kozi ya P/F: GPA itapona, krediti je?

*Shikamoo Mwalimu. Natokea Moshi, nasoma baiolojia katika chuo kimoja cha Marekani, mwaka wa pili muhula wa pili. Nina krediti 45 na GPA 3.08. Ufadhili wangu unataka GPA isishuke chini ya 3.0 na nipate krediti 30 kila mwaka. Muhula uliopita nilipata 15. Sasa kozi ya takwimu inanitesa: kazi za nyumbani nina wastani wa 85, lakini jaribio la kwanza nimepata 58. Mshauri wa masomo ameniambia naweza kuibadilisha iwe ya P/F, yaani kupita au kufeli tu bila herufi, ili isiguse GPA. Rafiki yangu anasema hata D inapita. Baba yangu, mwalimu wa sekondari hapo Moshi, anasema 58 si mbaya na nisikubali P. Nikimaliza nataka kurudi nyumbani nisome masta ya epidemiolojia na takwimu za afya. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Usiibadilishe bado. Kwanza tafuta mambo mawili kwenye tovuti ya msajili wa chuo chako: P inaanzia alama gani, na siku ya mwisho ya kubadilisha ni ipi. Hilo la kwanza ndilo litakaloamua kama P itakuokoa au itakupotezea ufadhili kwa njia ambayo mshauri wako hakuitaja. Mshauri amejibu swali la GPA, na hapo yuko sawa. Lakini ufadhili wako una masharti mawili, na P/F inagusa hilo la pili.

Tuanze na baba yako, maana hasemi ovyo. Katika vyuo vyetu vingi hapa nyumbani, 70 na kuendelea ni A, 60 hadi 69 ni B+, na 50 hadi 59 ni B. Kwa macho ya Moshi, mtu mwenye 58 amepata B yake na maisha yanaendelea. Huko uliko mizani ni nyingine. Kwa kawaida A na A- zinaanzia 90, kundi la B linaanzia 80, kundi la C linaanzia 70, D ni 60 hadi 69, na chini ya 60 ni F. Kwa hiyo 58 yako, isipopandishwa na mwalimu, ni F ya jaribio moja. Mwambie baba hivyo kwa upole, umwonyeshe silabasi, ataelewa mara moja. Na wewe mwenyewe isome hiyo silabasi vizuri, kwa sababu walimu wengine hupandisha alama za darasa zima mtihani ukiwa mgumu, na wengine huweka mipaka yao wenyewe. Kilichoandikwa kwenye silabasi ndicho kinachotawala, si mazoea.

Hukuniambia kila kipande kina uzito gani, basi nitachukua mgawanyo wa kawaida, nawe utaweka wa kwako. Tuseme kazi za nyumbani zina 20, majaribio mawili 20 kila moja, na mtihani wa mwisho 40. Wastani wako wa 85 kwenye kazi za nyumbani unakupa 17. Jaribio la kwanza, 58, linakupa 11.6. Tuseme jaribio la pili unapata 60, hiyo ni 12. Ukifika mtihani wa mwisho utakuwa na 40.6 mfukoni. Ili jumla ifike 70, yaani uingie kundi la C, unahitaji 29.4 kati ya 40 za mtihani wa mwisho, sawa na asilimia 73.5. Ili ufike 60 tu, upate D, unahitaji 19.4, ambayo ni kama asilimia 48.5. Ukiendelea kwa mwendo wako wa sasa na kupata 60 kwenye mtihani wa mwisho, unamaliza na 64.6. Hiyo ni D, haina ubishi.

Nakuomba uitazame vizuri tofauti ya 85 na 58. Kazi ya nyumbani unaifanya na daftari liko wazi, muda upo, wenzako wapo. Jaribio ni wewe na saa. Asilimia 80 ya alama za kozi hii, kwa mgawanyo niliouchukua, zinatoka kwenye karatasi za aina ya pili. Ndiyo maana sitaki ujipe moyo kwa ile 85 unapokadiria utamaliza wapi.

Sasa GPA. Kila kozi inaleta pointi, yaani thamani ya herufi mara krediti zake, halafu jumla ya pointi inagawanywa kwa jumla ya krediti zilizopewa herufi. Kwenye mizani ya 4.0, A ni 4.0, B+ ni 3.3, B ni 3.0, C ni 2.0, D ni 1.0 na F ni sifuri. Una krediti 45 kwa GPA ya 3.08, kwa hiyo umeshakusanya pointi 138.6. Muhula huu nachukulia una kozi tano za krediti tatu tatu. Zile nne nyingine nazikadiria B+ mbili na B mbili, kwa kuwa zinafanana na historia yako. Hizo zinaleta pointi 37.8. Bila takwimu, basi, una pointi 176.4 kwa krediti 57.

Weka takwimu ndani kwa herufi uone. Ukipata C, unaongeza pointi 6 na krediti 3: 182.4 kugawa kwa 60 ni 3.04. Bado uko juu ya 3.0! Watu wengi hawaamini mpaka waone hesabu. C moja katikati ya krediti 60 haiangushi nyumba. Ukipata D, unaongeza pointi 3: 179.4 kwa 60 ni 2.99. Hapo umeanguka, kwa nukta moja ya mwisho. Usitegemee kwamba ofisi ya ufadhili itakuzungushia namba hiyo iwe 3.0, nyingine huzungusha, nyingine hukata tarakimu, na hilo haliamuliwi kwa huruma. Ukipata F, ni 176.4 kwa 60, yaani 2.94.

Ukichukua P/F na ukapita, kozi haiingii kwenye pointi wala kwenye krediti unazogawia. Inatoka juu na chini kwa pamoja. Inabaki 176.4 kwa 57, ambayo ni 3.09. Haijakupandisha na haijakushusha. Imekuacha mahali ambapo zile kozi nyingine zimekufikisha. Na krediti tatu unazipata, zinahesabiwa katika zile 120 au zaidi za kuhitimu.

Hapo pia utaona P inamfaa nani. B kwenye takwimu ingekupa 185.4 kwa 60, yaani 3.09 vilevile. A ingekupa 3.14. Kwa hiyo kwako wewe, P ina faida pale tu herufi ambayo ungepata iko chini ya wastani wako wa kawaida, na ina hasara pale ungepata zaidi. Kuna wanafunzi wanaichukua P kwenye kozi wanayoipenda, wanafanya kazi ya A, na A hiyo haiingii popote. Na usijaribu ujanja wa kuacha takwimu iwe ya herufi halafu ukaweka P kwenye moja ya zile za B: kama takwimu ikiwa D, unabaki na 170.4 kwa 57, na hiyo nayo ni 2.99. P haisaidii isipowekwa juu ya ile kozi inayovuja.

Mpaka hapa mshauri wako ameshinda: P inakuhakikishia 3.09, herufi inaweza kukupa 2.99. Sasa njoo kwenye mstari wa kupita.

Rafiki yako anasema D inapita. Huenda ni kweli kwenye chuo chake. Viko vyuo ambavyo D inageuka P. Lakini vyuo vingi vinavyojulikana vimeweka mstari kwenye C-. Berkeley inataka C- au zaidi ili upewe P. Princeton wameuita mfumo wao P/D/F, na Yale wana Credit/D/Fail, na herufi hiyo ya katikati ipo kwa makusudi: ukipata D, D hiyo inaandikwa ilivyo, haifichwi ndani ya P. Kwa hiyo kabla ya lolote tafuta ukurasa wa msajili unaoeleza alama, usome ni herufi ipi ya chini kabisa inayogeuzwa kuwa P. Usikubali jibu la mdomo, hata la mshauri, kwa sababu mshauri wa idara anaweza kuwa amezoea kanuni za zamani.

Ukishajua mstari, rudisha ile D ya 64.6 tuliyoikadiria. Kama mstari ni D, unapata P, krediti tatu, GPA 3.09, krediti 30 za mwaka zimetimia, mambo yamekwisha. Kama mstari ni C-, D hiyo hiyo inageuka kuwa kufeli. Vyuo vingi huiandika NP, yaani hakupita, au NC, yaani hakuna krediti, vingine F. Na hapa ndipo mtego ulipo: D ya herufi, katika vyuo vingi, inakupa krediti. Ni alama mbaya lakini krediti tatu zinaingia. Chini ya P/F yenye mstari wa C-, kazi ile ile, jasho lile lile, inakupa sifuri. Unamaliza muhula na krediti 12, mwaka na 27, na ufadhili wako unataka 30. GPA yako iko salama kwenye 3.09 na bado umevunja sharti.

Ona jinsi D inavyokubana pande zote mbili. Kwa herufi unatimiza krediti 30 unakosa GPA kwa nukta moja. Kwa P/F unatimiza GPA unakosa krediti tatu. Kwa chuo cha mstari wa C-, basi, P/F haikulindi dhidi ya D hata kidogo; inabadilisha tu sharti gani utalivunja. Na ukivuka 70 ukaingia C, hukuihitaji, kwa kuwa herufi ingekupa 3.04. Pembe moja tu inabaki: ukipata C- kamili, ambayo ni 1.7, herufi inakupa 181.5 kwa 60, yaani 3.025. Hata hapo umepona bila P. Kwa namba zako hizi, kwenye mstari wa C-, sioni matokeo hata moja ambapo P inakuokoa na herufi isikuokoe.

Namba hizi zinasimama kama zile kozi nne zitakwenda nilivyokadiria. Zikiteleza, hesabu inageuka. Tuseme moja ya zile B+ inakuwa C. Pointi zinapungua 3.9, zinabaki 172.5. Takwimu ikiwa C ya herufi, ni 178.5 kwa 60, yaani 2.975, umekosa. Ikiwa P, ni 172.5 kwa 57, yaani 3.03, umepona. Hapo P imekuwa na kazi ya kweli. Kwa hiyo usiangalie takwimu peke yake. Siku unapoamua, andika makadirio ya kozi zote tano kwenye karatasi moja, uyapige mara mbili, mara kwa herufi na mara kwa P.

Na uulize pia kufeli kwenye P/F kunahesabiwaje chuoni kwako. Berkeley, kwa mfano, NP haiingii kwenye GPA. Kuna vyuo vingine ambavyo kufeli kunaingia kama F ya kawaida, yaani 2.94 kwako, na krediti tatu umekosa. Brown wao wana mfumo wa S/NC, hawakokotoi GPA kabisa, na kozi uliyofeli haionekani kwenye transkripti inayotoka nje. Nakutajia hivi ili uone kwamba P/F si kitu kimoja. Ukisoma ushauri wa mwanafunzi wa chuo kingine, hata awe mkweli namna gani, anakueleza kanuni za kwao.

Iko njia ya tatu ambayo hukuiuliza: kujiondoa kwenye kozi na kupata W. GPA haiguswi, unabaki 3.09, krediti unabaki na 27, sawa na NP, lakini transkripti haisemi kwamba umefeli. Kwa mwanafunzi mwenye chuo cha mstari wa C- ambaye baada ya jaribio la pili anaona wazi haifiki 70, W ni safi kuliko NP. Ila wewe uko kwa viza ya wanafunzi ya F-1, na kwa shahada ya kwanza viza hiyo inakutaka uwe na angalau krediti 12 kwa muhula. Ukijiondoa kwenye moja kati ya tano unabaki na 12 kamili, uko sawa, lakini huna nafasi ya kujiondoa kwenye nyingine. Kama muhula huu una kozi nne tu, usiguse W kabla ya kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni na kupata ruhusa yao mapema. Kozi ya P/F haina tatizo hilo. Umeandikishwa nayo na inahesabika katika hizo 12, upite usipite. Usiichanganye na kuhudhuria darasa bila alama, ambako hakukupi krediti yoyote.

Krediti tatu zilizokosekana unaweza kuzifidia kwa kozi ya kiangazi, kama ufadhili unahesabu mwaka mpaka mwisho wa kiangazi na kama mtu yuko tayari kuilipia. Ada ya kiangazi mara nyingi iko nje ya ufadhili. Uliza kwanza, usije ukamtupia baba yako bili ya dola ambayo hakuipangia.

Sasa masta. Hapa ndipo nina msimamo mkali kidogo, maana unataka kurudi kusoma takwimu za afya, na kozi unayotaka kuifunika ni takwimu. Ingekuwa historia ya sanaa au Kihispania, ningekwambia weka P ulale usingizi. Utaratibu huu uliwekwa ili mtu wa baiolojia athubutu kuingia darasa la mbali na fani yake bila kuogopa kuharibu wastani. Lakini kamati ya udahili wa masta, iwe KCMC hapo Moshi au kwingine, itaifungua transkripti yako itafute kozi za takwimu, na P haiwaambii kama ulikuwa na 71 au 95. Mtu anayesoma faili kwa haraka atachukulia ya chini. C nayo si ya kujivunia mbele yao, sikudanganyi. Kinachofuta mashaka ni kozi ya pili ya takwimu yenye B au zaidi, na hapo kuna swali jingine la kumwuliza msajili: je, P kwenye kozi hii inakubaliwa kama sharti la kuingia kozi inayofuata, au wanataka herufi ya C? Vyuo na idara nyingi haziruhusu P kwenye kozi za fani kuu wala kwenye kozi zinazofungua nyingine. Kama baiolojia kwenu inaihesabu takwimu kama kozi ya lazima ya fani, mjadala wote wa P umekwisha, na inawezekana mfumo ukakuruhusu kubonyeza halafu wakakwambia mwaka wa nne kwamba haihesabiki.

Kuna jambo moja zaidi la huku nyumbani ambalo nimelikuta kwenye mafaili ya vijana wanaorudi. Transkripti nyingi za Marekani zinatolewa na mfumo wa Banner, na chini ya kila muhula kuna mstari wa jumla. Ukipata P, na mambo yakaenda tulivyokadiria, wako utasomeka hivi:

```
Attempt Hours   60.000
Earned Hours    60.000
GPA Hours       57.000
Quality Points  176.40
GPA             3.09
```

Krediti ulizopata ni 60, zinazoingia kwenye GPA ni 57. Mtu wa udahili aliyezoea transkripti zetu, ambako kila kozi inakuja na herufi, akitaka kuhakiki GPA yako kwa kalkuleta, atachukua pointi 176.4 agawe kwa krediti 60 anazoziona. Atapata 2.94. Hiyo ni GPA ya mtu aliyepata F. Hajakuonea, amegawa kwa mstari usio wake. Nimeona kijana akiandikiwa kwamba GPA aliyojaza kwenye fomu haifanani na transkripti, na chanzo kilikuwa P mbili. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: tofauti ya GPA mbili inakuwa sawasawa na kuzihesabu P kama sifuri. Dawa yake ni ukurasa wa maelezo ya alama unaokuja nyuma ya transkripti au kwenye karatasi ya mwisho. Usiutenganishe na transkripti unapopiga nakala, wala unapotuma TCU kwa ajili ya utambuzi wa shahada yako. Na asikushawishi mtu ujaze C au 50 mahali pa P kwenye fomu. Andika P.

Kuhusu kauli ya baba kwamba usikubali P, mwambie P si alama ya aliyeponea chupuchupu. Katika vyuo vingi mwalimu wa darasa hata hajui nani amechagua P/F. Anapeleka herufi ya kawaida kwa wote, na ofisi ya msajili ndiyo inayoigeuza. Aliyepata A naye anaandikiwa P. MIT wanafunzi wote wa muhula wa kwanza wanasoma kwa utaratibu huo, na asiyepita hana kinachoandikwa. Mwaka 2020, corona ilipofunga madarasa, vyuo vingi vya Marekani viliruhusu au kulazimisha P kwa muhula mzima. Ila wewe uko nje ya mazingira hayo, na P moja kwenye takwimu peke yake, katikati ya herufi nyingine, inaonekana kuwa umechagua.

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi. Soma mstari wa P. Ukikuta ni D na kozi si ya lazima kwenye fani yako, subiri jaribio la pili kama tarehe inaruhusu, na likitoka chini ya 70 badilisha iwe P/F siku hiyo hiyo. Hapo ufadhili unakuja kwanza, swali la masta tutalijibu kwa kozi ya pili. Ukikuta ni C-, iache kwa herufi. Baada ya jaribio la pili piga upya hesabu ya mtihani wa mwisho. Ikikutaka zaidi ya asilimia 80 ili ufike 70, ongea na ofisi ya ufadhili kuhusu W na kozi ya kiangazi kabla tarehe ya kujiondoa haijapita. Ikikutaka asilimia 73 au 74, baki. Tarehe ya kubadilisha kuwa P/F na tarehe ya kujiondoa mara nyingi ni mbili tofauti, na ikishapita hakuna sapu ya kukusubiri kama huku kwetu.

Na waandikie ofisi ya ufadhili leo, kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi. Waulize: je, krediti za P zinahesabika katika zile 30, au mnataka 30 zenye herufi? Wafadhili wengine wanaandika hilo kwenye mstari mdogo wa mkataba, na ikiwa wako ni miongoni mwao, P/F imekwisha kwako hata kama utapita kwa 95. Nitumie watakachojibu pamoja na silabasi, tupige hesabu kwa uzito wa kweli.